Jedwali langu la chakula na mahudhurio limerudishwa. Nipangeje upya ripoti hii?

Gredi4_Mukuru (mwenye uzi)

Habari zenu walimu, wazazi na wote mnaoshughulika na chakula cha shule. Mimi hufundisha gredi ya nne katika shule ya jamii huku Mukuru. Tangu Januari nimepewa pia kazi ya kuandika ripoti ya chakula. Mhisani analipia sehemu kubwa, wazazi wanachangia shilingi 10 kwa kila sahani, na jiko linalotupikia liko nje ya shule, sufuria huletwa kwa gari. Ripoti inatakiwa ionyeshe uhusiano wa mambo matatu: mlo, kuwahi shule, na matokeo ya masomo.

Nilianza na darasa langu kwa sababu rejista yake naijua. Wanafunzi ni 46. Siku za masomo nilizohesabu ni 60, na chakula kilifika siku 51. Nikagawa watoto mafungu mawili. Wale 28 waliokula mara 40 au zaidi wana mahudhurio ya asilimia 93. Wale 18 waliokula chini ya mara 40 wana asilimia 74. Nilifurahi, kwa kuwa tofauti ya 19 si ndogo. Nikaweka grafu, nikapeleka kwa bodi.

Mjumbe mmoja wa bodi, mama aliyewahi kufanya kazi ya hesabu benki, aliangalia kwa dakika mbili akasema jedwali halionyeshi chochote. Hakueleza zaidi kwa sababu kikao kilikuwa kinaisha. Nimekaa nalo wiki nzima. Kosa liko wapi?

KijanaWaKayole

Mwalimu, mimi nasomea takwimu mwaka wa tatu. Kosa lako ni kugawa watoto mafungu mawili, unapoteza habari nyingi. Chukua idadi ya milo ya kila mtoto, chukua alama zake za mwisho wa muhula, kisha tafuta koriletisheni, yaani kipimo cha jinsi namba hizo mbili zinavyokwenda pamoja. Ukipata 0.4 kwenda juu una uhusiano mzuri. Fanya hivyo kwa mahudhurio pia. Ripoti imekwisha.

KaraniWaNamba

Kijana yuko sawa kwamba mafungu mawili yanapoteza habari, ila ugonjwa wenyewe hauko hapo, na koriletisheni yake itaubeba vilevile.

Mwalimu, jiulize swali moja. Mtoto aliyekuja shule siku 38 kati ya 60 anaweza kula milo 40? Hawezi. Hata awe anapenda maharagwe kuliko wote, yuko fungu la chini kwa sababu hakuja. Umewapanga watoto kwa idadi ya milo, na mlo hupatikana kwa kuja shule. Kwa hiyo jedwali lako linasema kwamba waliokuja sana walikuja sana. Mama wa benki aliona hilo.

Nimefanya kazi ya kukusanya takwimu za shule upande wa Eastlands kwa miaka kumi na kitu, na jedwali hili nimelikuta karibu kila mahali. Dawa yake ya kwanza ni kubadilisha kigawanyo. Usihesabu milo ya muhula. Chukua siku ambazo mtoto alikuwepo NA chakula kilifika, kisha uliza katika siku hizo alikula ngapi. Hapo mtoto wa siku 38 aliyekula kila alipokuwepo anapata alama sawa na wa siku 58 aliyekula kila alipokuwepo.

Panga karatasi yako ya Excel kila mstari uwe mtoto mmoja siku moja. Safu A ni tarehe, B ni namba ya mtoto, C ni asubuhi, D ni mchana (1 yupo, 0 hayupo), E ni mlo. Katika E andika K akila cha shule, N akileta cha nyumbani, S akikosa zile shilingi 10, R kwa sababu nyingine, na X kwa wote ikiwa gari halikufika. Kwa mtoto namba 17:

```
=COUNTIFS(B:B,17,C:C,1,E:E,"K")/COUNTIFS(B:B,17,C:C,1,E:E,"<>X")
```

Darasa lako litatoa mistari 2,760. Usijaribu kufanya hivi kwa shule nzima, mtachoka wiki ya tatu na kuanza kujaza kwa kukisia. Chagua madarasa mawili ya kufuatilia mtoto kwa mtoto. Kwingine chukua jumla tu ya kila siku.

BabaMapacha

Samahani kuingilia. Watoto wangu wako shule ya binafsi hapa Pipeline na hakuna chakula. Nimesikia kwamba katika Dishi na County, ule mpango wa chakula wa Kaunti ya Nairobi, mtoto analipa shilingi 5 na anagusisha bangili. Shule ya mwalimu iliingiaje? Tunajaza fomu wapi?

Gredi4_Mukuru

Baba Mapacha, sisi hatumo katika mpango huo. Ule uliwekwa kwa ajili ya shule za umma za kaunti hii. Sisi ni shule ya jamii na tuna mhisani wetu. Pole, sina njia ya kukuelekeza zaidi ya kuuliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu.

Karani, asante sana. Nimekaa usiku nikaingiza yote, bahati nzuri daftari la jikoni lilikuwa na majina na sababu. Matokeo yamenishtua. Waliokula angalau siku tisa katika kila kumi walizokuwepo ni 27, na mahudhurio yao ni asilimia 87. Waliobaki 19 wana karibu 84. Tofauti ya 19 imebaki 3 hivi. Sasa nimwambie mhisani kwamba chakula hakisaidii?

KaraniWaNamba

Hapana, usikimbilie huko. Fungua hao 19 kwa zile herufi za safu E. Wastani wa 84 unaweza kuwa umewachanganya watu wasiofanana.

Gredi4_Mukuru

Nimefungua. Wanane wanaleta chakula kutoka nyumbani, mahudhurio yao ni asilimia 94. Saba ni wale wa S, waliokosa shilingi 10 mara kwa mara, nao wana 72. Wanne ni mchanganyiko wa wagonjwa na wasiopenda ndengu, wako 83 hivi.

Kwa kweli hapo nilinyamaza. Hao saba nawajua mmoja mmoja. Nilikuwa nimewaweka kapu moja na watoto wenye makopo ya chapati na kitoweo.

KaraniWaNamba

Hiyo ndiyo kazi ya safu E. Bila sababu ya kutokula, kutokula hakuna maana moja.

Lakini kaa chonjo na hao saba. Ni rahisi kuandika kwamba walikosa chakula ndiyo maana wakakosa shule. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa nyumba isiyo na shilingi 10 ya sahani ndiyo ile ambayo mtoto anabaki kulea mdogo wake mama akienda kufua Imara Daima. Ukata uleule unaleta yote mawili, na takwimu zako haziwezi kuyatenganisha. Hapo andika tu: watoto saba wanakosa mlo kwa sababu ya pesa, na ndio wenye mahudhurio ya chini kuliko wote darasani. Bodi inaweza kuamua kuwasamehe mchango bila kungoja ushahidi mwingine.

Mkiwasamehe, endeleeni kuwaandika muhula ujao. Ila tarajia mahudhurio yao yapande kidogo hata kama chakula hakifanyi kitu, kwa sababu umewachagua wakiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa muhula mmoja mara nyingi hupanda kidogo unaofuata.

KijanaWaKayole

Basi tatizo hili linaisha kwa jaribio. Chukua gredi ya tano, mkondo mmoja upewe chakula, mkondo mwingine usipewe muhula mmoja. Mnalinganisha. Hapo hakuna wa kubisha.

MamaWaUji

Kijana, wewe ungekaa darasani saa nane mchana unasikia harufu ya githeri ya wenzako? Mimi nimepika shuleni Kibera miaka mingi na hilo halifanyiki. Watoto watahamia mkondo unaokula, au wale wanaokula watawagawia wenzao chini ya dawati. Jaribio lako litaharibika siku ya pili, na utakuwa umewaumiza watoto bure.

Sasa mimi nina jambo kuhusu kuchelewa, kwa sababu naona mnazungumza mlo wa mchana tu. Kwetu uji ulikuwa unagawiwa kuanzia saa moja na dakika ishirini asubuhi hadi saa moja na dakika arobaini. Ukifika baada ya hapo sufuria imefunikwa. Watoto walikuwa wanapiga mbio! Baadaye kuni zikawa shida, tukaanza kupika kwa gesi iliyokuwa inafika kwa kuchelewa, uji ukahamia mapumziko ya saa nne. Uji ni ule ule, unga ule ule, kikombe kile kile. Katika wiki mbili hivi mwalimu wa zamu akawa anaandika majina ya wachelewaji mpaka ukurasa unajaa. Hakuna aliyepunguza chakula. Tulibadilisha saa tu.

KaraniWaNamba

Mama, umesema jambo ambalo ripoti nyingi hazina. Mwalimu, lichukue hili.

Mlo wa saa saba mchana haumtoi mtoto kitandani asubuhi ya siku ile kwa njia ya moja kwa moja. Unaweza kumvuta kuja shule, lakini akija saa mbili na nusu sahani yake iko palepale. Kinachovuta mtu kuwahi ni mlo wenye saa ya mwisho asubuhi. Ikiwa shule yako haina uji wa asubuhi, usitarajie safu ya kuwahi isogee, na usiichoree mshale kutoka kwenye sahani ya mchana. Iandike kama hali ilivyo tu.

Halafu, kuchelewa kwenu kunaandikwaje?

Gredi4_Mukuru

Uji tunawapa chekechea hadi gredi ya tatu. Wangu hawapati. Kuchelewa huandikwa na kiranja getini, dakika ya kufika.

KaraniWaNamba

Angalia daftari lake. Ukiona wengi wamefika saa mbili na dakika tano kamili, saa mbili na kumi kamili, saa mbili na robo kamili, na karibu hakuna wa dakika saba au kumi na mbili, basi kiranja anakadiria. Si kosa lake, ana watoto ishirini mbele yake na hana saa. Badala ya dakika mpe vipindi vitatu tu vya kuweka alama: kabla uji haujafunikwa, kati ya hapo na kengele ya saa mbili, na baada ya kengele. Utapoteza usahihi ambao kwa kweli hukuwa nao, na utapata alama unazoweza kuziamini.

Na uliza hili kwa ukali: mchelewaji akirudishwa nyumbani anaandikwaje? Akiandikwa hakuja, kuchelewa kwenu kunaonekana kudogo na utoro unaonekana mkubwa, na yote mawili ni adhabu ya getini, si tabia ya mtoto.

Gredi4_Mukuru

Wakirudishwa huandikwa hawakuja. Nitalipeleka kwa mwalimu mkuu kabla ya ripoti.

Sasa niulize lingine. Kama mlo wa mchana hauonekani asubuhi, utaonekana wapi?

KaraniWaNamba

Mchana. Rejista zenu zina alama ya asubuhi na ya mchana?

Gredi4_Mukuru

Zina. Mimi huita majina tena saa nane. Lakini nimepita madarasa mengine leo, na katika matatu safu ya mchana inafanana na ya asubuhi kila siku, bila hata mtoto mmoja kupungua muhula mzima. Nadhani wanajaza zote mbili asubuhi.

KaraniWaNamba

Si kudhani, ndivyo ilivyo. Hakuna darasa la watoto arobaini ambalo halipotezi mtoto mmoja mchana kwa siku 60. Madarasa hayo matatu yatoe kwenye hesabu za mchana, na uandike kwamba umeyatoa na kwa nini.

Kwa darasa lako, tenga zile siku 9 ambazo gari halikufika. Mlijua mapema au mlishtukia?

Gredi4_Mukuru

Mara zote tulijulishwa kati ya saa sita na saa saba. Asubuhi hakuna aliyejua.

Nimehesabu. Siku 51 za chakula, asubuhi wastani ni watoto 40, saa nane wastani ni 39. Siku 9 bila chakula, asubuhi 39, saa nane 31. Yaani siku ya chakula anapotea mmoja, siku ya njaa wanapotea wanane.

KijanaWaKayole

Haya sasa! Mmoja kwa arobaini ni asilimia 2.5. Wanane kwa 39 ni asilimia 20.5. Andika kwamba chakula kinapunguza utoro wa mchana kwa pointi 18. Hilo hata mimi naliamini.

KaraniWaNamba

Uko karibu, Kijana, na safari hii umeshika mkia wa kitu cha kweli. Ubora wa siku hizi 9 ni kwamba watoto walikuja bila kujua. Kwa hiyo ni watoto walewale, siku ileile, na idadi ya asubuhi karibu sawa. Jiko limetufanyia lile jaribio lako bila mtu kupanga kumnyima mtoto chakula.

Ila jambo moja lazima liulizwe kabla ya kuandika pointi 18. Gari halikufika kwa nini? Kama ni mafuriko ya barabara, basi mvua iliyozuia gari huenda ndiyo iliyowatoa watoto.

Gredi4_Mukuru

Siku 4 zilikuwa mvua kubwa, barabara ya kuingilia huku ilijaa maji. Siku 5 gari liliharibika au jiko lilikuwa na shida ya maji, nje kulikuwa kukavu.

Nimetenganisha. Siku 4 za mvua: wastani wa asubuhi ni 36, wa mchana 30. Siku 5 kavu: nikijumlisha zote, asubuhi ni 207 na mchana ni 159. Wamepungua 48.

KaraniWaNamba

Ona sasa. Siku kavu ni karibu watoto 10 kila siku, asilimia 23 ya waliokuja. Siku za mvua ni 6. Nilidhani mvua inakuza tofauti, kumbe ilikuwa inaipunguza. Mtoto aliye darasani mvua ikinyesha hana pa kwenda, anabaki na njaa yake. Nilikosea upande, na ndiyo sababu tunatenganisha badala ya kukisia.

Sasa una sentensi ya katikati ya ripoti: "Katika siku 5 kavu ambazo chakula hakikufika na watoto hawakujua mapema, karibu mtoto mmoja katika kila wanne wa gredi ya nne hakurudi darasani saa nane. Katika siku za chakula hupungua mmoja katika arobaini." Taja kwamba ni darasa moja na siku tano. Usiiongezee neno. Muhula ujao siku kama hizo zikijitokeza, ongeza kwenye hesabu.

MamaWaUji

Na siku wakijua mapema je? Kwetu tukitangaza jioni kwamba kesho hakuna, asubuhi yake viti vitupu vinaanza kuonekana hata kabla ya kengele.

KaraniWaNamba

Ndiyo maana siku zilizotangazwa zisichanganywe na za kushtukiza. Weka herufi nyingine, sema Y. Hizo zinapima jambo tofauti, yaani chakula kinavyomvuta mtoto kutoka nyumbani. Za kushtukiza zinapima kinavyomzuia asiondoke.

Gredi4_Mukuru

Bado masomo. Mhisani anataka hasa hapo. Nina alama za mwisho wa muhula tu.

KaraniWaNamba

Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Alama za muhula wa kwanza na wa pili hazipimi kwa fimbo moja, maana mtihani mmoja unaweza kuwa mwepesi na mwingine mgumu. Darasa zima likipanda pointi sita, hujui kama ni chakula au ni karatasi.

Badala yake wasikilize wakisoma mmoja mmoja, mwanzo wa muhula na mwisho, kwa ngazi zilezile: herufi, maneno, aya, hadithi. Uwezo, wale waliokuwa wakipima kusoma kwa watoto, walitumia ngazi za namna hii nyumbani kwa watoto hapa Kenya kwa miaka, na mwalimu anazielewa bila semina. Dakika tano kwa mtoto, watoto 46, ni kama saa nne za kazi. Hadithi ya mwisho iwe tofauti na ya mwanzo lakini ya ugumu uleule, wasije wakasoma kwa kukariri. Na asiwapime mwalimu wao mwenyewe. Badilishaneni, wewe upime gredi ya tano na wa tano apime wako.

Halafu angalia ratiba. Mchana gredi ya nne wanafundishwa nini?

Gredi4_Mukuru

Mchana ni sanaa, michezo, na siku mbili za Kiswahili. Hisabati na Kiingereza ni asubuhi.

KaraniWaNamba

Basi kama chakula kinawaweka darasani mchana, na hisabati iko asubuhi, usitegemee alama ya hisabati ikuonyeshe hilo kwa njia ya kuhudhuria. Njaa inaweza kugusa umakini wa asubuhi, lakini mlo wa saa saba hautibu njaa ya saa nne. Kama kuna mahali pa kutafuta kwanza, ni Kiswahili chenu cha mchana.

Jambo la pili. Uliza sahani ya mwisho inatoka saa ngapi.

Gredi4_Mukuru

Tunaanza saa saba kasoro dakika kumi. Shule ina watoto 412 na foleni ni moja. Sahani ya mwisho hutoka saa nane na dakika ishirini hivi, mara nyingine na nusu.

KaraniWaNamba

Na kipindi kinaanza saa nane. Kwa hiyo chakula kinamrudisha mtoto darasani na hapohapo kinakula dakika ishirini au thelathini za somo. Hili si geni. Vermeersch na Kremer walifanya utafiti wa chakula katika shule za chekechea huko Busia na Teso. Mahudhurio yalipanda kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na shule zisizo na chakula, lakini alama zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu wa kutosha. Kuandaa na kugawa chakula kulikuwa kunakula muda wa kufundisha. Kwa hiyo weka safu ya dakika kila siku: saa ya sahani ya kwanza, saa ya sahani ya mwisho. Ni namba mbili tu, na mpishi anaweza kuziandika ukutani kwa chaki.

KijanaWaKayole

Hii sikuifikiria kabisa. Lakini bado nauliza, kama kila kitu kina tahadhari, mhisani atapewa nini? Watu hao wanataka namba moja. Ukimpa kurasa za "inategemea", atapeleka pesa kwingine, na watoto hao saba watakosa zaidi.

KaraniWaNamba

Namba moja ipo: mmoja katika wanne dhidi ya mmoja katika arobaini. Hiyo inatosha kuweka juu ya ukurasa. Kuhusu masomo nisingempa namba muhula huu. Ningempa hali ya ngazi za kusoma za mwanzo na ahadi ya tarehe ya kupima tena.

KijanaWaKayole

Sikubaliani kabisa. Akiona ukurasa wa masomo hauna matokeo ataona kazi haijafanyika. Mimi ningeweka alama za muhula pamoja na onyo.

MamaWaUji

Onyo hakuna anayelisoma. Grafu ndiyo itapigwa picha na kutumwa.

MsajiliWaData

Nimefuata uzi kimya. Nina neno moja kuhusu hao saba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla data za mtoto hazijatumika, na matumizi yenyewe yalinde maslahi ya mtoto. Orodha ya namba na majina ibaki kabatini kwa mtu mmoja. Karatasi inayozunguka iwe na namba tu. Na msije mkachapa jedwali lenye "watoto wa S, gredi ya nne, wasichana, 2". Kwenye shule ya jamii kila mtu atawajua hao wawili kabla ya jioni. Kundi likiwa chini ya watano, liunganishe na jingine.

Na daftari la S lisikae mezani pa kugawia chakula. Mtoto akiona jina lake pale mbele ya wenzake hatarudi kwenye foleni, na wewe utamwandika R.

Gredi4_Mukuru

Hili limenigusa, maana kwetu linakaa mezani. Kuanzia Jumatatu litakaa ofisini na mpishi ataweka alama ya jumla tu.

Jambo lingine la kuangalia takwimu zenyewe: wiki hii nimeanza kulinganisha namba tatu, waliopo asubuhi, sahani zilizotoka, na waliopo saa nane. Jumanne sahani zilikuwa 398 na rejista za shule zilisema waliopo ni 391. Watoto hawawezi kula kuliko waliopo.

KaraniWaNamba

Ama kuna walioongezwa mara mbili, ama ndugu wadogo kutoka nje wameingia, ama rejista imekosea. Hesabu vichwa mwenyewe siku moja kila wiki bila kutangaza, siku tofauti kila mara, na ulinganishe. Ukiona darasa moja linapotoka upande uleule kila mara, zungumza na mwalimu wake kwa upole kwanza.

Gredi4_Mukuru

Nimerudi baada ya wiki mbili. Bodi imekubali ukurasa mmoja. Juu kuna ile sentensi ya siku 5 kavu. Chini yake kuna wale saba bila majina, na mchango wao umesamehewa kuanzia wiki ijayo. Kisha dakika za foleni. Tumefungua foleni ya pili, na sahani ya mwisho sasa inatoka saa nane na dakika tano. Kuwahi kumeandikwa kwa madarasa ya uji peke yake. Upande wa masomo tumeweka ngazi za kusoma za mwanzo tu. Mhisani hajajibu bado.

Zile sahani saba za ziada tumeanza kuzielewa. Si ndugu walioingia kutoka nje. Nilisimama nyuma ya foleni nikaona mvulana wa gredi ya pili amekula nusu, nusu akamimina kwenye mfuko wa nailoni, akarudi foleni. Nilimuuliza taratibu, akasema ni ya mdogo wake aliye nyumbani. Baada ya hapo nimewaona wengine wanne, na watatu kati yao hawarudi foleni kabisa, wanakula nusu tu na kufunga iliyobaki.

Kwenye safu yangu wote hao ni K, wamekula. Karani, na mama uliyepika miaka yote hiyo, nyinyi mngewaandikaje?

MamaWaUji

Mimi sikuwaandika, mwalimu. Niliwaongezea mwiko mmoja.

KaraniWaNamba

Nimelifikiria tangu jana. Ukiweka herufi mpya mtu atauliza ni akina nani, na kesho yake mifuko itakaguliwa getini. Kwa sasa ningewaacha K, na kwenye maelezo chini ya jedwali niandike kwamba K ni sahani iliyopokelewa, wala si sahani iliyoliwa yote. Sijaridhika na jibu hili. Mwenye njia bora aiweke hapa.